Kati ya mwezi na mshumaa: kuandaa reportaji za sikukuu za 2027 kabla hazijafika

*"Yaya, niko na timu ya watu watatu na kamera moja katika kituo kidogo cha televisheni hapa Lubumbashi. Kila mwaka Idi na Pasaka zinatukuta mikono mitupu, tunaishia kurusha picha za mwaka uliopita na sauti mpya. Mkubwa wetu anataka 2027 reportaji zote za sikukuu za dini ziwe zimetayarishwa wiki kadhaa mbele. Sasa kama siku yenyewe haijafika, tutapiga picha za nini? Na tuanzie sikukuu gani?"*

Mdogo wangu, anzieni Idi el Fitri. Katika sikukuu zote ndiyo inayokupa muda mfupi zaidi wa kujua tarehe, na timu inayoiweza Idi el Fitri haitasumbuliwa na nyingine yoyote. Ila kwanza kaa na kalenda, kwa sababu 2027 ina jambo lake: karibu sikukuu zote kubwa zinazohama zimerundikana kati ya Februari na Mei.

Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuanza Jumatatu tarehe 8 Februari, na siku mbili baadaye, Jumatano tarehe 10, ni Majivu. Kwa hiyo Waislamu na Wakatoliki wa mji huu watakuwa katika mfungo kwa wakati mmoja. Idi el Fitri itaangukia tarehe 9 au 10 Machi. Matawi ni 21 Machi, Pasaka 28 Machi. Tarehe 6 Aprili ni siku ya Simon Kimbangu. Waortodoksi watasherehekea Pasaka yao 2 Mei, majuma matano kamili baada ya wengine. Kupaa kwa Bwana ni 6 Mei, Pentekoste ni 16 Mei, na Idi ya kuchinja ni tarehe 16 hiyohiyo au 17. Halafu 25 Mei ni Noeli ya Wakimbangu. Ukishavuka hapo, unapumua mpaka Maulidi, katikati ya Agosti.

Katika orodha hiyo kuna tarehe za aina tatu, na kila aina ina namna yake ya kutayarishwa. Zipo zisizohama kabisa, kama 6 Aprili na 25 Mei. Zipo zinazohama lakini hesabu yake imeshafungwa miaka mingi mbele, kama Pasaka: inatafutwa kwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa hesabu ya Kanisa, ule unaoangukia 21 Machi au baada yake, na hakuna wa kuibadilisha. Zipo pia zinazosubiri jicho la mtu litazame mbinguni. Nilipokuwa kijana kazini, kituo kimoja nilichokuwa nafanyia kazi kilichanganya aina ya pili na ya tatu. Kalenda ya ukutani ilikuwa imeandika Idi siku fulani, reportaji ikafungwa tangu juzi yake, ikarushwa saa moja asubuhi ikisema "leo Waislamu wamefungua". Mwezi ulikuwa haujaandama. Watu walikuwa bado wamefunga, na simu za hasira zikaingia mpaka mchana. Nilikuwa nimesoma sauti ile mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo sijasoma tena neno "leo" katika sehemu iliyofungwa mapema.

Kwa hiyo kila reportaji ya sikukuu iwe na sehemu mbili: sehemu iliyofungwa na sehemu iliyoachwa wazi. Iliyofungwa inabeba mambo ambayo yatakuwa kweli hata siku ikisogea: historia, maana ya ibada, watu na maandalizi yao. Iliyoachwa wazi inabeba yanayotokea siku yenyewe: mwezi, umati, maneno ya hotuba, mvua. Picha utakazopiga mapema ni za maandalizi, nawe uyaite maandalizi, usiyageuze sikukuu. Kosa kubwa la timu nyingi ni kutaka kupiga sikukuu kabla ya sikukuu: wanamwomba imamu aseme "Idi njema" katikati ya Ramadhani, au wanaiomba kwaya iimbe Aleluya mbele ya altare katika Kwaresima. Huko ni kuwadanganya watazamaji, na ni kuwavunjia heshima wale watu.

Sasa nikuoneshe Idi el Fitri ya 2027 kwa hatua zake.

Chukua reportaji ya dakika mbili na nusu. Sekunde 25 za mwanzo ziache wazi. Dakika moja na nusu ya katikati ifungwe. Sekunde 35 za mwisho ziwe wazi tena. Kwa kusoma, mimi huhesabu maneno mawili ya Kiswahili kwa sekunde, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Anayeandika kwa kipimo cha Kifaransa atajikuta anakimbia. Katikati hapo ukitoa mahojiano mawili ya sekunde 15 kila moja na sekunde kumi za sauti za mahali penyewe, unabaki na sekunde 50, yaani maneno mia moja. Ni machache, kwa hiyo chagua jambo moja tu. Mimi ningechagua zaka ya fitri.

Sababu yangu ni hii: zaka hiyo ni lazima itolewe kabla ya sala ya Idi, na inatolewa kwa chakula ambacho watu wa mahali wanakila. Kipimo chake ni pishi moja ya zamani ya Kiarabu kwa kila mtu wa nyumba, kama kilo mbili na nusu hadi tatu. Hapa kwetu maana yake ni unga wa mahindi. Basi unayo picha: mama wa Kiislamu katika komuni ya Kenya hapa Lubumbashi amekaa chini, gunia mbele yake, anapima unga kwa bakuli, anasawazisha juu kwa kiganja, anamimina katika mfuko, anahesabu majina ya watoto wake kwa sauti, mmoja kwa kila kipimo. Kiganja kimekuwa cheupe mpaka kwenye kifundo. Ukimpata mtu wa namna hiyo, picha ya karibu ya mkono ule inatosha sekunde nane bila neno lolote juu yake. Na haina tarehe. Iwe Idi Jumanne au Jumatano, unga ni uleule.

Wiki ya kwanza ya Januari, kabla mfungo haujaanza, nendeni mkaonane na imamu na kamati ya msikiti bila kamera. Ombeni ruhusa ya siku tatu tofauti: jioni moja ya futari, siku ya kukusanya zaka, na asubuhi ya Idi. Ulizeni mtasimama wapi, na kama upande wa wanawake unaweza kupigwa picha. Ukiwa na dada mwenye kushika kamera, huko aende yeye. Hapohapo kubalianeni ni nani atakayekupigia simu usiku wa mwezi. Jambo hili la simu ni dogo lakini ndilo linaloangusha wengi: usiku ule kila mtu anampigia kiongozi mkubwa na hampati. Wewe uwe na kijana wa kamati atakayekuwa amesimama pembeni ya wanaosikiliza tangazo.

Wiki ya pili ya Ramadhani pigeni futari. Jua linazama hapa muda mfupi baada ya 18:30 kipindi hicho, kwa hiyo mwe mmefika 17:45 mpate mwanga wa mwisho. Msiwaelekezee watu taa usoni wakati wanafungua kinywa. Picha ya tende mkononi, kikombe cha uji, watoto wanaotazama saa, adhana ikianza: ni picha nne, zinatosha. Na kwa kuwa ni msimu wa mvua, uwe na mfuko wa plastiki wa kamera na kitambaa kikavu. Bati likipigwa na mvua huwezi kusikia mahojiano hata ukiyarekodi vipi, basi mahojiano yafanyeni mchana.

Katika mahojiano, namna ya kuuliza inaamua kama jibu litadumu. Ukiuliza "unajisikiaje?", mtu atakujibu kwa "leo" na "sasa". Uliza "mnafanyaje siku ya kugawa zaka, mnaanza wapi?", naye atakusimulia kazi, na kazi haizeeki. Akiteleza akasema "kesho kutwa", mwache amalize, halafu muulize tena kwa maneno mengine. Usimfundishe maneno ya kusema.

Ifikapo mwisho wa Februari, ile dakika moja na nusu iwe imekatwa, imeunganishwa, sauti imesawazishwa, na imetolewa kama faili nzima, isibaki ndani ya programu ya montaji. Umeme ukikatika usiku wa mwezi, faili lililokamilika unaweza kulirusha kutoka kompyuta yoyote. Kazi iliyo ndani ya programu inabaki mateka wa mashine moja. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae nyumbani kwako. Majina ya faili yaanze na mwaka, halafu yaseme kama limefungwa au liko wazi:

```
2027_IDI-FITRI_kati_IMEFUNGWA.mp4
2027_IDI-FITRI_mwanzo-A_9-machi.wav
2027_IDI-FITRI_mwanzo-B_10-machi.wav
2027_IDI-FITRI_mwisho_BADO.txt
```

Umeona mianzo miwili. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na uamuzi unatolewa magharibi ya siku ya 29. Kama mfungo umeanza 8 Februari, siku ya 29 ni Jumatatu tarehe 8 Machi. Sasa, kwa hesabu ya wanafalaki, mwezi mpya unazaliwa siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana kwa saa za Lubumbashi. Jua likizama, mwezi utakuwa na umri wa saa chache tu, na mwezi mchanga namna hiyo ni mgumu mno kuonwa kwa macho, zaidi tena anga likiwa na mawingu ya Machi. Wanaosubiri kuona kwa macho mahali walipo huenda wakakamilisha siku 30 na kusali Jumatano tarehe 10. Wanaofuata tangazo la nchi nyingine wanaweza kusali Jumanne. Mwaka 2025 ilikuwa hivyohivyo: Saudia walisali Jumapili tarehe 30 Machi, Omani na Moroko wakasali Jumatatu tarehe 31.

Basi soma mianzo yote miwili mapema. Wa A useme mwezi umeandama, wa B useme mfungo umekamilisha siku 30. Tengeneza pia habari fupi ya sekunde 30 kwa Jumanne asubuhi kama Idi haijawa: Waislamu wanaendelea na siku ya 30, sala ni kesho. Timu nyingi husahau hii ya tatu, na bila hiyo utajikuta Jumanne huna cha kurusha huku watazamaji wanataka kujua. Na kama misikiti ya mji itagawanyika, usiseme "Waislamu wote". Sema "Waislamu wanaofuata tangazo la" fulani, utaje ni nani.

Asubuhi ya Idi mwe mmefika 06:30. Hapa nisikilize vizuri, maana wapiga picha waliozoea Ijumaa wanakosea: Ijumaa hotuba inatangulia na sala inafuata, siku ya Idi sala ndiyo inayotangulia na hotuba inafuata. Tena hakuna adhana wala ikama ya kukushtua. Ni rakaa mbili zenye takbira za ziada, zinakwisha kwa dakika chache. Anayefika akidhani atajiandaa wakati wa hotuba atakuta watu wanakumbatiana. Msipite mbele ya mtu anayesali. Simameni ubavuni au nyuma. Mnahitaji picha kumi tu, za sekunde tano au sita kila moja: viatu mlangoni, safu kwa upana, takbira, kusujudu, mzee mmoja, watoto na nguo mpya, imamu akihutubu, kukumbatiana, mfuko wa unga ukikabidhiwa mlangoni, mtaa watu wakirudi nyumbani. Na sauti moja ya sekunde 15 kutoka kwenye hotuba. Saa 08:30 mtu mmoja aondoke na kadi. Kwa kuwa katikati imekwisha, montaji ya sekunde 60 inawezekana kwa saa moja, na habari ya mchana mnaiwahi bila kukimbizana.

Pasaka inakuja siku 18 baadaye, na ugumu wake ni mwingine. Tarehe unayo, hofu ni picha. Kanisa Katoliki linabadili rangi na vitu vyake kwa majira, na mtazamaji Mkatoliki anayajua kama anavyojua nyumba yake. Kwaresima ni zambarau, altare haina maua, Aleluya haiimbwi katika misa. Matawi na Ijumaa Kuu ni nyekundu. Pasaka ni nyeupe. Ukipiga misa ya Kwaresima ukairusha Pasaka, zambarau itakusema kabla hujafungua mdomo. Na mshumaa wa Pasaka unabeba tarakimu za mwaka: zinachorwa au kuchongwa katika pembe nne za msalaba ulio juu yake, pamoja na Alfa na Omega. Mwenye kurusha mkesha wa mwaka uliopita anakuwa amerusha na mwaka wake, umeandikwa mbele ya kamera. Hata mji wenyewe unatoa ushahidi. Jakaranda za Lubumbashi zikichanua ni Septemba na Oktoba. Picha ya kanisa lenye maua hayo ya zambarau barabarani haiwezi kuwa Pasaka, na vumbi jekundu la kiangazi haliwezi kuwa Noeli.

Kilichopo cha kupiga mapema ni kizuri kuliko misa, kwa maoni yangu. Majivu ya Jumatano ya Majivu yanatokana na matawi yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia, ambayo waamini wanayarudisha parokiani yakiwa yamekauka. Siku chache kabla ya 10 Februari mtu anayachoma, anayaponda, anayachuja. Zungumzeni na paroko mapema Januari mjue ni lini na nani. Pigeni tawi likiingia motoni, na mkono ukichuja majivu meusi. Halafu 21 Machi mtapiga matawi mabichi mikononi mwa watu. Mkiziunganisha picha hizo mbili mmepata reportaji ya Pasaka yenye mwanzo na mwendo, imekwisha kufungwa wiki moja kabla ya 28 Machi, na imebaki sekunde 40 za mkesha tu: moto nje, mshumaa wa 2027 ukiwashwa, mwanga ukisambaa katika mishumaa midogo. Kwaya ipigeni katika mazoezi, wakiwa na nguo za kila siku na karatasi mikononi, msimulizi aseme ni mazoezi. Inapendeza zaidi kuliko kujifanya ni sherehe.

Jambo la saa msilipuuze. Kama kituo chenu kinapokea baraka ya Papa kutoka Roma saa sita mchana ya kule, mwaka 2027 kuna mtego. Italia inasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na Jumapili hiyo ndiyo Pasaka yenyewe. Siku ya Matawi, saa sita mchana ya Roma ni 13:00 hapa kwetu. Jumapili inayofuata, saa sita ya Roma ni 12:00 kamili hapa. Aliyeweka ratiba kwa kufuata wiki iliyopita atafungua mitambo baraka ikiwa imekwisha. Tena Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ratiba yoyote inayotoka kule iulizwe kwanza: ni saa ya nani? Katika karatasi za kazi andika saa kwa tarakimu, 12:00 au 18:30. Ukiandika "saa sita", mmoja atakuja mchana na mwingine alfajiri.

Na usiandike kwamba 28 Machi ni Pasaka ya "Wakristo wote". Mji wetu una Waortodoksi, Wagiriki walioishi hapa vizazi kadhaa na Wakongo pia, na Pasaka yao mwaka huo ni 2 Mei. Badala ya kuwasahau, waandalieni habari yao ya dakika moja. Itawafaa hata nyinyi, kwa sababu Jumapili hiyo dawati halina jambo lingine kubwa la dini. Mwaka 2028 zitarudi kukutana, tarehe 16 Aprili.

Siku ya Kimbangu ndiyo nyepesi kuliko zote kuitayarisha. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa, haisogei, na historia yake inaishia katika mji wenu. Kimbangu alianza utume wake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, akakamatwa mwaka uleule, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa, wakati huo Elisabethville, akakaa kifungoni miaka thelathini mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Reportaji ya kituo cha Kinshasa itaonesha Nkamba. Yenu ianzie gerezani Lubumbashi, mahali ambapo mtu yule alikaa muda mrefu kuliko alikohubiri. Hii inaweza kufungwa karibu yote mwisho wa Februari, na kuachiwa sekunde 20 za asubuhi yenyewe, tarumbeta za fanfare na mavazi ya kijani na nyeupe. Kwa kupiga picha karibu na gereza ombeni kibali kwa maandishi, na mkianza Januari ndiyo mtakipata kwa wakati.

Mwezi wa Mei ndipo kamera yenu moja itajaribiwa. Idi ya kuchinja ni tarehe 10 ya mwezi wa Mfunguo tatu, nao mwezi huo unaandama siku kumi nzima kabla. Kwa hiyo tofauti na Idi el Fitri, hapa tarehe inajulikana mapema: jioni ya 6 au 7 Mei mtajua kama ni Jumapili tarehe 16 au Jumatatu tarehe 17. Ikiwa Jumatatu, Pentekoste ina siku yake, hakuna shida. Ikiwa Jumapili, zote mbili ni asubuhi moja. Hapo ningepeleka kamera kwenye sala ya Idi kwanza, kwa sababu ni ya mapema na ni fupi, kisha misa ya saa nne asubuhi, nikichagua parokia iliyo upande uleule wa mji. Amueni hilo tarehe 7 Mei, mwafahamishe paroko na imamu siku hiyohiyo.

Katikati ya reportaji ya Idi ya kuchinja ifungwe kwa soko la mbuzi na kwa desturi ya kugawa nyama mafungu matatu, la nyumba, la ndugu na majirani, na la maskini. Kisu na damu mimi siweki. Kinachohitajika kueleweka ni ugawaji, na watoto wanatazama televisheni saa za chakula.

Neno moja kuhusu hizo picha za zamani mlizokuwa mnarusha. Hazikatazwi. Zikiandikwa juu ya kioo "Picha za maktaba, 2026", kwa muda wote zinapoonekana, mtazamaji hajadanganywa. Kwa hiyo mwaka 2027, kila mkimaliza picha kumi za siku, mpiga kamera abaki nusu saa akusanye zisizo na mwaka wala uso wa mtu mkubwa: mikono, ngoma, viatu, moto, unga. Ndizo zitakazofunga sehemu za katikati za 2028. Sababu ya kuepuka nyuso za wakubwa ni kwamba mapadri wanahamishwa, maimamu wanabadilika, na wengine wanafariki. Hata katika reportaji iliyofungwa, siku mbili kabla ya kurusha mtu mmoja apige simu athibitishe kwamba kila aliyeandikwa jina chini ya kioo bado ana cheo kile.

Timu ya watu watatu haiwezi kuzitayarisha zote kwa dakika mbili na nusu, na hampaswi kujaribu. Mfanye reportaji kamili nne: Idi el Fitri, Pasaka, Kimbangu, Idi ya kuchinja. Nyingine ziwe habari za sekunde 40 hadi dakika moja. Wiki ya kwanza ya Januari mwende sehemu tatu bila kamera: parokiani kuuliza matawi makavu yanachomwa lini, msikitini kupanga zile siku tatu, na kwa Wakimbangu kuomba ruhusa ya Aprili na ya Noeli yao ya 25 Mei. Kwa Wakimbangu ulizeni mapema kuhusu viatu na vitambaa vya kichwa, maana mahali pao patakatifu panakanyagwa kwa miguu mitupu, na dada wa timu yenu afike ameshafunika nywele.